Mhudumu Asiyejua Kiingereza: Namna ya Kuendesha Igizo la Kuagiza Chakula

Walimu wenzangu mnaofundisha Kiswahili kwa wageni hapa Dar es Salaam, habari za asubuhi. Kwa waliotutangulia katika kazi hii, shikamooni.

Nitazungumzia zoezi moja tu, nalo ni lile igizo dhima la mgahawani: mhudumu anaongea Kiswahili kitupu, mjifunzaji ndiye mteja, na lazima ale. Wote tunalifahamu, na wengi wetu tunaliendesha vibaya. Tunawapa wajifunzaji wawili karatasi yenye mazungumzo yaliyokwisha andikwa, mmoja asome ya mhudumu, mwingine ya mteja, kisha tunapiga makofi. Hapo hakuna aliyeagiza chakula. Anayesoma ya mteja anajua swali kabla halijaulizwa, na anayesoma ya mhudumu anajua jibu kabla halijatoka. Ni kusoma kwa sauti, na viti vimegeuzwa tu.

Igizo linaanza kuwa igizo pale mhudumu anapojua jambo ambalo mteja halijui, na mteja hawezi kulijua bila kuuliza. Kwa hiyo andaa kadi mbili. Ya kwanza ni menyu ya mteja yenye vyakula na bei. Bei nakili kwenye mgahawa wa jirani wiki hiyohiyo, maana menyu ya miaka mitatu iliyopita inamfundisha mgeni bei ambazo hazipo tena. Ya pili ni kadi ya mhudumu, ambayo mteja haioni. Humo unaandika kipi kimeisha, kipi bado kiko jikoni, na kosa moja ambalo mhudumu atalifanya makusudi, kwa mfano kuongeza soda ambayo haikuagizwa kwenye hesabu. Mhudumu awe mwalimu au mzungumzaji mwingine wa Kiswahili. Mjifunzaji mwenzake asipewe nafasi hiyo, kwa sababu mteja akikwama naye atakwama, halafu wote wawili watakimbilia Kiingereza.

Menyu yenyewe isiwe ndefu. Vyakula vinane au tisa vinatosha, ila vichaguliwe kwa ngeli. Weka mishikaki, vitumbua, maandazi, chapati na samaki. Mteja akiagiza viwili viwili atalazimika kusema mishikaki miwili, vitumbua viwili, maandazi mawili, chapati mbili na samaki wawili. Hizo ni ngeli tano kwenye sahani moja, na hakuna aliyetaja neno ngeli. Kuna mtego mdogo ambao walimu huusahau: sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mjanja akiagiza mishikaki sita na maandazi saba, umekula hasara, hujapima kitu. Andika kwenye kadi yake kwamba ameketi na wenzake wawili au wanne, ili hesabu ibaki kwenye namba zinazovaa viambishi.

Kinachoendesha igizo ni maneno ya mhudumu, na hapa ndipo vitabu vyetu vinapotuangusha. Mhudumu wa kitabuni anauliza, “Unataka kula nini?” Huyo wa Kariakoo au Mwenge anasema, “Karibu kaka, utatumia nini?” Mgeni alifundishwa kwamba kutumia ni kalamu, simu, kisu. Anasikia ‘utatumia’ na anaanza kutafuta kijiko. Akiketi muda mrefu bila kuagiza, anaulizwa, “Umeshahudumiwa?” Jibu lake ni neno moja, “Bado,” na mgeni hatalipata kwa kutafsiri. Akimaliza kuagiza, anaulizwa, “Nikufungie?” Anajua kufunga mlango, ila hajui kufungiwa chakula akaondoka nacho.

Neno ‘bado’ lina balaa lake. Mteja anauliza, “Pilau ipo?” Mhudumu anajibu, “Pilau bado.” Mgeni anaelewa kwamba pilau bado ipo, anafurahi na kusema, “Naomba sahani moja.” Kumbe ameambiwa haijaiva. ‘Hamna’ nalo ni hivyohivyo. Kwenye kitabu ni ‘ninyi hamna’, kwa hiyo mgeni akisikia “Pilau hamna” anageuka nyuma kutazama hao ninyi ni akina nani. Mpe mhudumu wako majibu matatu tofauti kwenye kadi: pilau ipo, pilau bado, pilau imeisha au hamna. Kila moja linamtaka mteja afanye jambo jingine. Likiwa la kwanza anaagiza, likiwa la pili anauliza itakuwa tayari saa ngapi, likiwa la tatu anachagua kingine. Ukimwona ameagiza baada ya kusikia ‘bado’, umejua hakuelewa, hata kama alitikisa kichwa vizuri.

Na vinywaji. “Maji makubwa au madogo? Ya moto au ya baridi?” Maji ya chupa ya moto, sote tunajua, ni yale tu ambayo hayajaingia kwenye friji. Mgeni anayaogopa kwenye jua la saa saba kwa sababu anadhani yatafuka mvuke. Chai ya rangi ina mkasa huohuo: anauliza ni rangi gani. Mwingine akiambiwa chipsi kavu anadhani zimekaa tangu jana, kumbe ni chipsi zisizo na mayai. Usimwagie maneno haya yote siku moja. Mtego wa aina hii mmoja au miwili kwa kila igizo unatosha.

Sasa tuje kwenye kazi ngumu, ambayo ni nidhamu ya mhudumu pale mteja anapokwama. Kosa letu la kwanza ni haraka. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani miaka ya 1970, aliona kwamba mwalimu akiuliza swali husubiri takribani sekunde 1 tu kabla ya kusema tena. Wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yanarefuka. Kama sekunde 1 haimtoshi mtoto anayejibu kwa lugha aliyoizoea, itamtosha vipi mgeni anayetafuta kiambishi? Mhudumu akishauliza, ashike daftari na kalamu, amtazame mteja, ahesabu moja hadi tano moyoni. Kimya kitamuuma. Na kimuume tu.

Kimya kikipita bila jibu, arudie sentensi ileile kwa maneno yaleyale, polepole kidogo. Mwalimu mwenye huruma hubadilisha maneno hapa. Alisema “Utatumia nini?”, sasa anasema “Ungependa kuagiza chakula gani?” akidhani anasaidia. Anaongeza mzigo, maana mteja alikuwa ameanza kuishika sentensi ya kwanza na sasa ana mbili. Mrudio ukishindwa, ampe chaguo: “Wali au ugali?” Chaguo likishindwa, aonyeshe kitu chenyewe: chupa mbili, moja ina umande wa baridi na nyingine haina. Hiyo ndiyo ngazi nzima, na hakuna daraja la Kiingereza. Mteja akitamka Kiingereza, mhudumu anajibu kwa upole, “Samahani kaka, sijakuelewa,” kisha anasubiri tena. Asifanye dharau wala kujichekesha, awe tu mtu asiyejua lugha hiyo.

Lakini mteja naye asiingie mikono mitupu. Kabla ya igizo mfundishe vifungu vinne vya kujiokoa, avijue kwa moyo: “Samahani, naomba urudie polepole.” “Hiki ni nini?” “Nipe kama kile pale,” huku akinyoosha mkono. “Subiri kidogo.” Asipokuwa navyo, atakimbilia neno moja ambalo ndilo ugonjwa mkubwa wa wajifunzaji wote, nalo ni ‘ndiyo’. Unamuuliza maji ya moto au ya baridi, anajibu ndiyo. Unamuuliza paja au kidari, ndiyo. Dawa yake mhudumu anayo: aulize maswali ya kuchagua, ambayo ‘ndiyo’ haiyajibu, na mteja akisema ndiyo kwa “Nikufungie?”, basi amfungie kweli. Mletee chakula ndani ya foili na mfuko, uweke mbele yake, useme, “Karibu tena.” (Mfuko wa karatasi au ule mbadala, jamani. Rambo zilipigwa marufuku tangu Juni 2019, tusizifufue darasani.) Mteja aliyetaka kukaa na kula atautazama mfuko ule, na hapo ndipo atakapouliza ‘nikufungie’ ina maana gani. Neno aliloliuliza mwenyewe kwa sababu ya njaa hatalisahau upesi.

Hii ndiyo sababu nasema anayesahihisha ni sahani, mhudumu asibebe kazi hiyo. Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wao wa madarasa ya Kifaransa nchini Kanada. Waliona kwamba njia ya kusahihisha inayotumiwa zaidi na walimu ni kulirudia kosa la mwanafunzi likiwa limenyooshwa. Lakini njia hiyohiyo ndiyo iliyokuwa dhaifu zaidi katika kumfanya mwanafunzi aliguse kosa lake mwenyewe. Mgahawani jambo hili linaonekana wazi. Mteja anasema, “Naomba mishikaki mbili.” Mhudumu anasema, “Mishikaki miwili, sawa,” anaandika na kuondoka. Mteja amesikia ‘sawa’, basi. Hiyo ‘mi’ imepita kama daladala iliyojaa. Afadhali mhudumu aseme, “Samahani, mishikaki mi…?” aiache sauti ikining'inia, amtazame. Mara nyingi mteja ataimalizia mwenyewe. Ila afanye hivyo mara moja au mbili tu katika mlo mzima. Mhudumu halisi haulizi viambishi, na mteja akihisi anafanyiwa mtihani ataanza kuongea kama mtahiniwa.

Nichukue mfano mmoja niufuate hadi mwisho, wa mteja asiyekula nyama, kwa sababu ndani yake kuna kosa ambalo hata mwenye msamiati mzuri hulifanya. Kadi ya mteja inasema: huli nyama, kuku wala samaki, una njaa, unakula hapahapa. Kadi ya mhudumu inasema: wali umeisha, ugali upo, mboga ni nyama, kuku, samaki, maharage na mchicha, na mchicha umeungwa kwa karanga.

Mteja anaingia, anasalimia, anaketi. Mhudumu: “Karibu kaka, utatumia nini?” Mteja: “Naomba wali maharage.” Hapa nisimame kidogo. ‘Naomba’ inatosha kabisa. Wageni wengi huja na ‘ninataka’, ambayo kwetu inasikika kama amri ya mtoto, halafu hujaribu kuipunguza makali kwa kuibandika ‘tafadhali’ mbele na nyuma. Wengine husema “Naweza kupata wali?”, na mhudumu anayejua Kiswahili peke yake anaweza kumjibu kwa haki kabisa, “Unaweza.” Kisha akabaki amesimama. Muache asimame.

Mhudumu: “Wali umeisha. Ugali upo.” Mteja: “Sawa, naomba ugali.” Mhudumu: “Na mboga gani?” Hapa ndipo penye shimo. Mteja amejifunza kwamba mboga ni majani, anafurahi kwamba ameeleweka, anajibu, “Mboga, ndiyo, asante.” Mhudumu anaandika ugali na mboga, na kwa sababu hakuambiwa mboga ipi, anamletea inayoenda sana, nyama ya mchuzi. Hajakosea hata kidogo. Kwetu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali, hata kama kilikuwa kinatembea jana. Mteja aliyekusudia majani alipaswa kusema mboga za majani.

Sahani imefika. Mteja anaona nyama, anatafuta neno. Wengi husema “Sikuli nyama”, na wachache hukumbuka kwamba kitenzi hiki kinavua ‘ku’ yake kwenye ukanushi: “Sili nyama.” Mhudumu anaondoa sahani bila kinyongo. “Oh, pole. Basi nikuletee samaki? Au kuku?” Mteja anashangaa. Lakini kwenye migahawa yetu nyama ikitajwa hivihivi ni ya ng'ombe au mbuzi. Samaki ni samaki, kuku ni kuku. Sentensi inayomwokoa ni ndefu kidogo na inafaa ikaririwe: “Sili nyama, sili kuku, wala sili samaki.” Mhudumu: “Sawa. Maharage yapo, mchicha upo.” Mteja: “Naomba vyote viwili.” Angalieni amekutana na vitu gani njiani: wali umeisha, ugali upo, maharage yapo, mchicha upo. Kauli ya ‘-po’ imetembea kwenye ngeli bila jedwali.

Zimebaki karanga. Kama mjifunzaji wako hana shida nazo, acha zipite. Lakini kama karanga zinamdhuru kweli, hapo sheria ya Kiswahili kitupu inasimama mlangoni. Mfundishe kabla ya igizo, kwa lugha anayoielewa, sentensi hii: “Karanga zinanidhuru. Chakula hiki kina karanga?” Neno ‘mzio’ ni sahihi, lakini kwa mama lishe anayepakua sahani ya hamsini linaweza lisifike. ‘Zinanidhuru’ litafika. Kisha mfundishe kwamba akijibiwa kwa kusitasita kokote, asile. Hili halijifunzwi kwa kukisia, wala sahani haifai kumsahihisha mtu hapa.

Malipo ni sehemu fupi, lakini ndiyo inayovunja wengi, kwa kuwa mhudumu husema bei haraka. Tuseme ugali na mboga zake ni 3,000, maji makubwa 1,500, na ile soda ya kusingiziwa 1,000. Mhudumu: “Elfu tano na mia tano.” Mteja aliyekuwa macho atasema, “Samahani dada, sikuagiza soda.” Ambaye hakuwa macho atalipa, na utajua alikuwa akisikiliza sauti tu, tarakimu hazikumfikia. Baada ya soda kuondolewa ni 4,500. Mteja anatoa noti ya 10,000. “Huna hela ndogo?” Mgeni anadhani ameambiwa hana hela ya kutosha, anaona aibu. Ameulizwa chenji tu. Bado ana 5,500 za kuhesabu, na mhudumu mwenye mzaha atamrudishia 5,000 aone kama ataidai ile jero. Maneno jero na buku ayasikie, ayaelewe, ila asiyaseme kwa mama mtu mzima katika wiki yake ya kwanza. Akiulizwa kama analipa kwa simu, ajue kuuliza lipa namba ni ipi.

Na kwa kuwa nimemtaja mama mtu mzima, amua mapema mhudumu wako ni nani. Akiwa binti, mteja atamwita dada, na salamu ni habari au mambo. Akiwa mama lishe mwenye umri, ni shikamoo mama, na mhudumu asubiri salamu hiyo kabla ya kuchukua oda. Asiitikie chochote kuhusu wali mpaka ameitikia marahaba. Kwa mgeni aliyezoea kuanza na chakula, sekunde hizo zinafundisha zaidi ya ukurasa mzima wa maelezo.

Mzunguko mmoja usizidi dakika 7 au 8. Ukimalizika, mhudumu avue aproni, atoke kwenye nafasi yake, ndipo mzungumze. Chagua makosa mawili tu: moja lililoleta sahani isiyo sahihi, na moja la kiambishi lililorudiwa zaidi. Mengine yaandike ya wiki ijayo. Kisha rudieni igizo mara ya pili palepale, mteja yuleyule, lakini kadi ya mhudumu ibadilike: wali upo, ugali bado, maharage yamehamna… naam, hata mwalimu huteleza, yameisha. Mzunguko wa pili ndio wenye faida. Wa kwanza mteja alitumia nguvu zake zote kuelewa kinachotokea. Wa pili anajua njia, kwa hiyo akili yake inapata nafasi ya kushughulika na lugha.

Mara ya tatu mpeleke mgahawani kweli, na muda uuchague vizuri. Usimpeleke saa saba mchana. Wakati huo mhudumu ana meza kumi na hawezi kumsubiri mtu sekunde tano atafute ‘mawili’. Nendeni saa tano na nusu. Meza ziko wazi, dada wa mgahawani ana nafasi ya kurudia. Wewe keti meza ya nyuma, usimsaidie. Saa hizo vyakula vingi vya mchana havijaiva, kwa hiyo atauliza pilau na ataambiwa, “Pilau bado.” Ukimsikia anauliza itakuwa tayari saa ngapi, agiza chai yako.